Memo inasema mteja anaweza kulipa rejesho mara mbili na nusu, mimi sishawishiki. Nisaidieni kuisoma

Mpitia_Memo

Wadau, habari. Nimehamishiwa kupitia memo za maafisa mikopo kabla hazijapanda kwenye kamati, na huu ni mwezi wangu wa pili. Nina memo moja mezani, hesabu zake zote zinajumlika sawasawa, lakini kila nikitaka kuisaini mkono unasita.

Mteja ana duka la vifaa vya ujenzi, yuko kwenye biashara miaka 9. Anaomba milioni 60 kwa miezi 24 aongeze mzigo. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kwa hiyo rejesho ni kama milioni 3 kila mwezi. Afisa ameandika hivi: zilizoingia benki miezi 12 ni milioni 480, kwa hiyo mauzo ni milioni 40 kwa mwezi. Faida ghafi asilimia 25, yaani milioni 10. Matumizi ya duka milioni 2.6. Inabaki milioni 7.4, uwiano wa kulipa 2.47, wakati kiwango chetu cha chini ni 1.3. Mzigo uliopo dukani ni wa milioni 70 na wadaiwa ni milioni 28. Dhamana ni nyumba, ikiuzwa kwa haraka milioni 80.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo tu. Salio la akaunti yake mwisho wa mwezi halijawahi kufika milioni 2. Mtu anayebakiwa na milioni 7.4 kila mwezi, kwa mwaka si angekuwa na karibu milioni 89 zake mwenyewe? Anakuja kukopa 60 za nini? Au mimi ndiye sielewi biashara?

Afisa_Mguu_Njiani

Mkuu, na mimi ni afisa mikopo kwa hiyo nitasema upande wetu. Fedha ya mfanyabiashara haikai benki, ikiingia inageuka mzigo siku hiyo hiyo. Salio dogo si dalili ya ubaya. Ninyi mnaokaa mezani mnapenda kutafuta sababu ya kurudisha memo, sisi tumetembea juani.

Mzee_wa_Kamati

Afisa ana hoja, salio dogo peke yake halisemi kitu. Lakini swali la Mpitia halihusu salio. Anauliza zile milioni 89 zimekwenda wapi. Kama zimegeuka mzigo, basi mzigo ulipaswa kukua kwa milioni 89 ndani ya mwaka, na memo yenyewe inasema mzigo wote ni wa milioni 70. Kwa hiyo ama hazikuwahi kuwepo, ama zipo mahali ambapo memo haijatazama. Nimekaa kwenye kamati muda mrefu, na swali hilo huwa linafungua memo nyingi kuliko uwiano wowote.

Usianze na uwiano. Anza na ile milioni 480. Nina hakika afisa amechukua jumla iliyochapishwa chini ya taarifa ya akaunti na kuigawa kwa 12. Jumla hiyo ni ya kila kitu kilichoingia, na si kila kilichoingia ni mauzo. Chukua kalamu, pita mstari kwa mstari, ukate vitu vitatu: fedha alizojihamishia mwenyewe kutoka akaunti yake nyingine, miamala iliyorudishwa kama hundi zisizolipika, na muamala mmoja mkubwa ambao haufanani na wenzake. Huo wa tatu ukiuona, tazama miezi inayofuata kama kuna kiasi kilekile kinachotoka tarehe ileile kila mwezi.

Nyumba_Tatu

Hawa watu wa mikopo ni wanyanyasaji tu. Mimi niliomba nikanyimwa wakati nyumba nilizoweka dhamana thamani yake ni mara tatu ya mkopo. Sasa huyu ana nyumba ya milioni 80 anaomba 60, mnataka nini tena? Akishindwa mnauza, biashara imekwisha.

Mpitia_Memo

@Nyumba_Tatu pole kwa yaliyokukuta, ila hapa hatujafika kwenye dhamana bado.

@Mzee_wa_Kamati asante, nakaa na taarifa usiku huu.

Duka_la_Kona

Mimi si mtu wa benki, nina duka. Nawaambia ukweli: hakuna mwenye duka anayepeleka kila senti benki. Asubuhi vijana wanadai posho, fundi wa umeme amekuja, mama watoto amepita, vyote vinatoka kwenye droo. Kinachofika benki ni mabaki. Kwa hiyo mkianza kukatakata ile 480 mtamuonea bure, mauzo yake halisi yanaweza kuwa hata 50 kwa mwezi.

Mpitia_Memo

Nimerudi, na macho yananiuma. Matokeo ni haya.

Kujihamishia mwenyewe: milioni 54. Zinatoka leo, zinarudi baada ya siku mbili au tatu, kiasi cha duara kabisa. Zilizorudishwa: milioni 6. Na muamala mmoja wa milioni 36 miezi minne iliyopita. Baada yake kuna milioni 1.8 inayotoka tarehe 5 ya kila mwezi, mara nne hadi sasa. Memo inasema mteja "hana deni lingine lolote". Nikafungua ripoti ya taarifa za mikopo iliyoambatishwa. Ni safi. Ila imetolewa miezi mitano iliyopita.

Ukikata zote inabaki milioni 384, yaani 32 kwa mwezi.

Mzee_wa_Kamati

Umeona. Ripoti ina umri wa miezi mitano na mkopo una umri wa miezi minne. Afisa hakudanganya, alisoma karatasi safi bila kutazama tarehe. Siku hizi nikishika memo jambo la kwanza ni tarehe za viambatisho, kabla hata ya jina la mteja.

Kuhusu zile 54, usikimbilie kusema ni ujanja. Wengine wana sababu zao. Lakini ukiona duara, siku mbili, na zinaongezeka kadiri siku ya kuomba mkopo inavyokaribia, basi kuna mtu amemwambia "benki wanaangalia mzunguko".

Sasa asilimia 25. Imetoka wapi?

Mpitia_Memo

Memo inasema "kwa mujibu wa mteja". Nimempigia afisa, akaniambia alimuuliza mteja, mteja akajibu: "Mimi naongeza asilimia 25 juu ya bei niliyonunulia."

Hesabu_Kavu

Hapo hapo. Ukinunua kwa 100 ukaongeza 25, umeuza kwa 125. Faida ni 25 katika 125, yaani asilimia 20 ya mauzo. Mteja amesema kweli, afisa ameandika kwa nia njema, na faida imevimba kwa robo nzima. Kwenye mauzo ya milioni 32 faida ghafi ni 6.4, si 8, na wala si ile 10 ya kwenye memo.

Hata hiyo 20 ningeitilia shaka. Duka la vifaa vya ujenzi, kinachotembea sana ni simenti, nondo na mabati, na huko faida ni nyembamba kwa sababu kila mtu anajua bei. Faida nene iko kwenye vitasa, rangi na bomba, ambavyo vinakaa rafuni. Mteja anapokwambia "naongeza 25" huwa anakumbuka vitasa. Afisa angeomba ankara za manunuzi za bidhaa kumi zinazouzwa zaidi, akazilinganisha na risiti za mauzo.

Mzee_wa_Kamati

Kweli kabisa, ila kwa sasa tumpe hiyo 20 tuone inafika wapi. 6.4 toa matumizi ya duka 2.6, inabaki 3.8. Mpitia, matumizi ya nyumbani memo imeweka shilingi ngapi?

Mpitia_Memo

Sifuri. Imeandikwa "mwenzi wake ameajiriwa, hivyo familia haitegemei biashara". Lakini kwenye taarifa ya akaunti naona ada za shule, bima ya gari na kutuma kwa wazazi. Wastani wa mwaka mzima ni milioni 1.2 kwa mwezi.

Mzee_wa_Kamati

Basi 3.8 inakuwa 2.6. Rejesho jipya ni 3. Uwiano ni 0.87, na hapo bado hatujaugusa ule mkopo wa pembeni. Ukiuweka, marejesho yote ni 4.8 kwa mwezi na uwiano unashuka hadi 0.54. Tulianza na 2.47.

Angalizo moja. Wapo watakaotoa 1.8 kwanza kwenye 2.6, ikabaki 0.8, wakaigawa kwa 3 wakapata chini ya 0.3. Njia zote mbili zinatumika, lakini zinatoa namba tofauti, kwa hiyo ni lazima memo zote za tawi zifuate moja. Mimi napenda kujumlisha madeni yote chini, kwa sababu mteja siku ya tarehe 5 hajui deni lipi ni la zamani.

Duka_la_Kona

Mmenipita kana kwamba sijasema kitu. Nimewaambia fedha inatoka kwenye droo kabla ya kufika benki. Ninyi mnachukua kilichofika benki, halafu mnatoa mishahara mara ya pili! Kama mishahara ililipwa kutoka kwenye droo, mmemkata mara mbili.

Hesabu_Kavu

Wadau, msimdharau Duka, hapa amepata. Kama kodi ya pango inaonekana benki lakini mishahara haionekani, basi mishahara ililipwa kwa mauzo ambayo hayakufika benki, na mauzo hayo ni lazima yarudishwe kwenye hesabu. Mpitia, angalia.

Mpitia_Memo

Nimeangalia. Kati ya matumizi ya 2.6, nusu yake (pango, umeme, usafiri, kodi ya serikali) inaonekana ikitoka benki. Mishahara na posho, 1.3, haionekani popote.

Mzee_wa_Kamati

Nakubali, niliharakisha. Mauzo yawe 33.3 badala ya 32. Lakini Duka, tazama inaongeza nini. Asilimia 20 ya 1.3 ni 0.26. Kwa hiyo kinachobaki kinapanda kutoka 2.6 hadi 2.86. Uwiano wa mkopo mpya peke yake unakuwa 0.95, na ukijumlisha wa pembeni unakuwa 0.6. Hoja yako ni ya kweli, ila ukubwa wake ni huo.

Ili ufike milioni 50 ulizosema, inabidi milioni 18 kila mwezi zipite nje ya benki. Mzigo wake ungelipiwa na nini? Mauzo ya nje ya benki yanahitaji manunuzi ya nje ya benki. Afisa anaweza kwenda kwa wauzaji wake wakubwa wawili, kwa ruhusa ya mteja, akaomba jumla ya alichonunua kwa mwaka. Ikizidi sana malipo yanayoonekana kwenye akaunti, nitakuwa wa kwanza kubadili msimamo.

Duka_la_Kona

Sawa, hapo nimeelewa. Ila bado nasema ni zaidi ya 33.

Afisa_Mguu_Njiani

Na mimi niulize. Mbona hakuna anayehesabu faida ya mkopo wenyewe? Anaongeza mzigo wa milioni 60, mauzo yatapanda. Mnapima uwezo wa jana kwa deni la kesho.

Hesabu_Kavu

Swali zuri, na lina jibu ndani ya memo yenyewe. Mauzo ya 32 kwa faida ya asilimia 20 maana yake mzigo unaotoka dukani kwa bei ya kununulia ni milioni 25.6 kwa mwezi. Mzigo uliopo ni 70. Kwa hiyo bidhaa inakaa dukani karibu miezi 2.7 kabla ya kuuzwa. Mtu ambaye bidhaa zake zinakaa miezi 2.7 hajapungukiwa mzigo! Ukimuongezea 60 unamfikisha 130, na kama wateja ni walewale, bidhaa itakaa miezi mitano. Ili ibaki 2.7, mauzo yapande kwa asilimia 86. Memo haina sentensi hata moja inayosema wateja hao wapya watatoka wapi.

Tena tuna jaribio lililokwisha kufanyika. Aliongezewa milioni 36 miezi minne iliyopita. Mpitia, mauzo ya miezi hii minne, ukishakata ulichokata, yamepanda?

Mpitia_Memo

31, 30, 33, 32. Yaani palepale.

Mzee_wa_Kamati

Basi hilo ndilo swali la kurudisha kwa afisa, na ningeliweka la kwanza: milioni 36 zilikwenda wapi? Hazikwenda kwenye mauzo. Usimuulize mteja "je, utaweza kulipa", atasema ndiyo. Fuata fedha ya mwisho aliyokopa.

Hesabu_Kavu

Unaweza kuifuata kwa karatasi kabla ya kumtoa mtu ofisini. Weka upande mmoja kilichoingia kweli: 384 za mauzo na 36 za mkopo, jumla 420. Upande wa pili weka kila kilichotoka chenye jina: wauzaji wa mzigo, matumizi ya duka yaliyopita benki, nyumbani, marejesho. Salio la mwanzo wa mwaka na la mwisho yanakaribiana, kwa hiyo pande mbili zilipaswa kulingana. Tofauti itakayobaki ndiyo hadithi ambayo hukuandikiwa.

Mpitia_Memo

Imenichukua jioni mbili, lakini nimefika.

Wauzaji wa mzigo: 326. Matumizi ya duka kupitia benki: karibu 16. Nyumbani: 14. Marejesho manne: 7. Jumla ni 363. Zimebaki milioni 57 hazina jina. Zote ni za kuchota taslimu, mbilimbili, tatutatu, na kuanzia mwezi uliotolewa ule mkopo zinakuja karibu kila wiki.

Nikamrudishia afisa memo na maswali matatu, akaenda kwa mteja jana. Amerudi na mambo mawili. La kwanza, mteja anajenga nyumba za kupangisha, ziko kwenye lenta. Afisa alikuwa anajua! Nikamuuliza mbona haiko kwenye memo, akasema "hiyo si biashara tunayoikopesha". La pili, daftari la wadaiwa linasoma milioni 41, si 28. Na 26 kati ya hizo ni za mkandarasi mmoja ambaye hajalipa kwa zaidi ya siku 120.

Hesabu_Kavu

Sasa inafungamana. Kwa mauzo ya 384 mzigo ulipaswa kugharimu kama 307, yeye amelipa wauzaji 326. Milioni 19 za ziada nilikuwa najiuliza zimekwenda wapi, maana mzigo dukani haukukua kiasi hicho. Deni la mkandarasi la 26 kwa bei ya kuuzia ni kama 21 kwa bei ya kununulia. Ndiyo hizo, kwa kukadiria. Bidhaa zimetoka, fedha haijarudi.

Mzee_wa_Kamati

Na hapo ndipo sehemu ya hatari kwenye memo inapogeuka kichekesho. Rudia tulivyoandikiwa, Mpitia.

Mpitia_Memo

Ninanukuu: "Ushindani: mteja ana uzoefu wa miaka 9. Kushuka kwa soko: mteja ana wateja waaminifu. Kushindwa kulipa: dhamana inatosha."

Mzee_wa_Kamati

Maneno hayo unaweza kuyabandika kwenye memo ya kinyozi, ya mfuga kuku na ya mwenye basi, na hakuna atakayegundua. Hatari ya mteja huyu ina jina na kiasi: mkandarasi mmoja ameshika milioni 26, na ujenzi ambao haujaisha unakula karibu milioni 5 kwa mwezi. Ujenzi ukiwa kwenye lenta hausimami kwa hiari. Bado paa, bado milango, bado umeme. Mkopo wa miezi 24 ulioandikwa "kuongeza mzigo" utaingia pale kabla ya rejesho la tatu, na nyumba za kupangisha hazitatoa kodi hadi ziishe.

Mimi huwa namwambia afisa: kila hatari unayoiandika, iingize kwenye hesabu yako uone inabadilisha nini. Kama haibadilishi namba yoyote, si hatari ya mteja huyu, ni pambo. Mfano, "mkandarasi asipolipa" maana yake mteja atalipia mzigo wa kuziba pengo lile kutoka kwenye hiyo 2.86. Andika hivyo, kamati itaelewa bila vivumishi.

Na ule mstari wa "dhamana inatosha", nauomba uondolewe kwenye sehemu ya uwezo wa kulipa. Nyumba hailipi tarehe 5. Inatusaidia baada ya mambo kuharibika, baada ya notisi, madalali na pengine mahakama, na muda wote huo riba inapanda.

Nyumba_Tatu

Kwa hiyo mnakiri mnazipenda nyumba zetu ila hamtaki kukopesha kwa ajili yake. Haya.

Mzee_wa_Kamati

Ndugu yangu, nakuuliza kwa heshima: ulipoomba, kipato cha kulipia kila mwezi kilikuwa kinatoka wapi?

Nyumba_Tatu

Kwenye kodi za hizo nyumba. Moja ilikuwa na wapangaji, mbili zilikuwa bado hazijaisha.

Mzee_wa_Kamati

Sitasema kitu.

Afisa_Mguu_Njiani

Mnacheka, lakini semeni na hili. Afisa anapewa siku mbili kwa memo, na mwisho wa mwezi anaulizwa ametoa mikopo mingapi, haulizwi amechambua mingapi. Huyo aliyeficha ujenzi nina hakika alijua akiuandika memo itarudi. Si kwamba hajui kuchambua.

Mpitia_Memo

Hilo sina jibu lake. Na sikumtaja popote kwa jina, ni kijana mzuri tu.

Sasa niko njia panda. Afisa amekuja na pendekezo jipya: tuununue ule mkopo wa pembeni. Salio lake ni kama milioni 31. Tukiupanga upya kwa miezi 36, rejesho ni karibu 1.12, na kwa kinachobaki cha 2.86 uwiano unakuwa 2.55. Anasema hapo kila mtu anapumua. Nyumba inakuwa dhamana yetu.

Hesabu_Kavu

Kwa namba ni sawa, nimezihakiki. Tena mteja anapunguziwa mzigo wa 1.8 hadi 1.12. Mimi ningeukubali kwa sharti kwamba hakuna fedha mpya inayotoka na salio linalipwa moja kwa moja kwa mkopeshaji mwingine.

Mzee_wa_Kamati

Mimi hapana, angalau si sasa. Hiyo 2.86 inadhani ujenzi umesimama. Kwa mwaka uliopita haikubaki hata senti, yote ilichotwa. Tukimpunguzia rejesho kwa 0.68, hiyo 0.68 itapanda juu ya lenta. Na baada ya miezi sita atakopa pengine tena, nasi tutakuwa tumebeba deni refu kwa nyumba ileile.

Ningetaka mambo mawili kabla ya kulizungumzia. Mkandarasi athibitishe deni kwa maandishi na aonyeshe analipwa lini na mwenye mradi wake. Na mteja alete makadirio ya kumalizia ujenzi, hata kwa hatua ya nyumba moja, ili tuukopeshe kwa jina lake halisi au tuukatae kwa jina lake halisi.

Hesabu_Kavu

Ukimsubirisha ataenda kwa mkopeshaji wa tatu wiki ijayo, halafu hata hiyo 31 hatutaipata ikiwa salama. Kuna hatari ya kukopesha na kuna hatari ya kumwacha.

Duka_la_Kona

Mimi ningemwambia aende akakae kwenye ofisi ya mkandarasi na kiti chake. Milioni 26 ni karibu nusu ya mkopo anaouomba, na haina riba.

Mpitia_Memo

Duka, nimecheka peke yangu ofisini. Lakini nimeliandika kwenye maoni yangu, kwa lugha ya heshima kidogo.

Memo nimeirudisha leo mchana. Nimeomba ripoti mpya ya taarifa za mikopo yenye tarehe ya wiki hii, taarifa za wauzaji wawili wakubwa, daftari la wadaiwa kwa umri wa deni, na maelezo ya zile milioni 57. Kuhusu kuununua mkopo wa pembeni nimeacha wazi, kamati inakaa Alhamisi. Afisa amepokea bila kusema kitu. Jioni amenitumia picha ya barua ya mkandarasi, ina muhuri, inasema deni ni milioni 19.

Hesabu_Kavu

19? Daftari si lilisema 26?

Mpitia_Memo

Ndiyo. Kesho naenda mwenyewe.